KAMWI, Zamani Maison Mwila

Niliwaambia. Mungu shahidi, niliwaambia wote wawili, baba yangu na mshirika wake mpya, Papa Kataliko, tena siku ile ile waliyotia saini mkataba: mteja anaambiwa kwanza. Anaambiwa mapema, na mtu anayemjua, kwa namba ya simu anayoijua. Anaambiwa waziwazi, hiki kinabadilika, hiki kinabaki. Halafu ndipo unapaka rangi geti. Papa Kataliko akaitikia "ndiyo, mama, ndiyo" kama mtu aliye kanisani. Baba yangu hakuitikia chochote.

Sasa niangalie nilivyosimama asubuhi ile kwenye depo yetu, pale kwenye barabara inayokwenda Kasapa. Mwezi wa kumi, jua halina huruma. Mbele yangu katoni zimepangwa mpaka ukutani, zimejaa vifaranga wa siku moja, na zote zinalia. Kifaranga wa siku moja hangoji mtu. Anaishi kwa kiini cha yai alichobaki nacho tumboni, na kikiisha bila maji na bila joto lake, basi, umempoteza. Hawa walitoka Zambia jana yake, wakapita mpaka wa Mokambo salama, karatasi za mganga wa mifugo zote sawa. Siku nyingine, saa kama ile, wateja wangekuwa wamejaa getini wanasukumana, huyu na pikipiki, yule na pusupusu, mkokoteni wake, kila mmoja ananiita, "Mama Marceline, miye nilikuwa wa kwanza!" Asubuhi ile geti lilikuwa wazi na hakukuwa na hata mbwa.

Hata mmoja, jamani! Watu walioagiza wenyewe, wakalipa advansi wenyewe, wakanisumbua wiki nzima na simu, "Watoto watafika lini?" Wamefika. Mko wapi?

Nilijua walipo. Walikuwa nyumbani kwao wanatutii.

Lazima nieleze, maana mtu asiyejua atadhani wateja wetu ni wajinga. Maison Mwila ni jina la baba yangu. Ameleta vifaranga katika mji huu tangu mimi nina meno ya utoto, na nusu ya kuku wanaoliwa kwenye harusi za Lubumbashi walipita mikononi mwake. Halafu wakatokea matapeli. Wakatengeneza katoni zenye jina linalofanana na letu, wakawauzia watu vifaranga wa majogoo matupu kwa bei ya kuku wa mayai. Watu walilisha majogoo wiki na wiki wakisubiri yai! Walipokuja kulia kwetu, baba alikasirika sana. Tangu siku ile akaanza kuwafundisha wateja kama katekista. Jina lingine, kataa. Namba nyingine ya kulipia, kataa. Hata akija binti yangu mwenyewe na maneno mapya, kataa mpaka usikie sauti yangu. Na kweli, kila vifaranga walipokuwa njiani, baba alichukua simu akatuma sauti kwenye kundi la wafugaji: "Bafugaji, miye njo Mwila. Batoto bamevuka. Muwashe mbabula." Hapo ndipo watu waliweka makaa kwenye mbabula na kupasha moto mabanda yao. Bila sauti ile, hakuna aliyesogea.

Mafunzo mazuri. Yaliwaokoa watu wengi. Sasa yalikuwa yanatuua sisi.

Maana Papa Kataliko alifanya nini? Papa Kataliko ni mtu mwema, simsemi vibaya. Ni mfanyabiashara kutoka Butembo, ana malori, hanywi, hadanganyi, anaomba kabla ya kuwasha gari. Sisi lori letu lilikuwa limekufa na macho ya baba yalikuwa yanakufa taratibu, tukaunganisha biashara mbili ziwe moja, na jina jipya likawa KAMWI, Kataliko na Mwila. Lakini Papa Kataliko alisubiri karatasi za usajili zitoke, na zilipotoka akafanya kila kitu kwa mkupuo. Alfajiri moja geti likapakwa rangi nyeupe, jina la baba likafutika, KAMWI ikaandikwa kwa herufi za kijani. Katoni mpya, KAMWI. Ubavuni mwa lori, KAMWI. Halafu akatuma ujumbe kwa wateja wote, kwa Kifaransa cha ofisini, kutoka namba ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona: Wapendwa wateja, Maison Mwila imekuwa KAMWI, hakuna kinachobadilika, kuanzia leo lipieni kwenye namba hii mpya.

Jina jipya, namba mpya, na "hakuna kinachobadilika." Eh! Hata mimi ningekimbia.

Sauti ya baba nayo haikwenda. Nilimwomba siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza alisema koo linamuuma. Siku ya pili alisema simu haina umeme, na simu ilikuwa kwenye chaji mbele ya macho yetu. Siku ya tatu akanitazama na kusema, "Kampuni si iko na jina? Ijitangaze yenyewe."

"Papa, watu wanakungoja wewe."

"Banangoja Mwila. Mwila mulimupaka rangi."

Na wewe ulisaini, nilitaka kumwambia. Nikameza.

Basi nikachukua simu yangu na kuanza kupiga, mteja mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza akakata. Wa pili, Mama Clotilde wa karibu na soko, tunayesali naye parokia moja, akaniambia kwa sauti ya huruma kabisa, "Marceline, mwanangu, kama wamekushika, kohoa mara mbili." Nilikohoa kwa hasira, naye akaanza kuita majirani. Wa tatu alinisomea kilichoandikwa kwenye kundi la wafugaji usiku uliopita: "Ndugu bafugaji, attention! Bamwizi barudi. Sasa banajiita KAMWI. Banataka tulipe pa namba mupya. Hakuna muntu kusogea mpaka tusikie Vieux." Vieux, yaani mzee, ndivyo wanavyomwita baba. Na aliyeandika alikuwa Kasonde wa Kasungami.

Hapo nikakaa chini. Kasonde si mteja wa hivi hivi. Ni mteja wa baba wa tangu zamani, ana mabanda makubwa kuliko wote kule Kasungami, na wafugaji wanamfuata yeye. Kasonde akichukua, wote wanachukua. Kasonde akikataa, unaweza kubandika matangazo mpaka kwenye mawingu.

"Mama, tufanye nini?" Papa Kataliko aliniuliza. Alikuwa ameshika katoni moja, amechungulia kwenye matundu yake, na uso wake ulikuwa umebadilika. Ndani vifaranga kadhaa walikuwa wamelala ubavu.

"Sasa unaniuliza mimi? Nilisema tuandike majina yote mawili, KAMWI, zamani Maison Mwila, hata miezi sita! Nilisema ujumbe utoke kwenye namba yangu! Nilisema hiyo namba ya malipo ingoje kwanza, watu wazoee jina!"

"Miye nilizani ukifanya yote siku moja, batu banazoea haraka."

"Walizoea kukataa, Papa Kataliko. Ndicho walichozoea."

Alivua koti, akaanza kunyunyizia maji sakafuni ili depo ipoe, maana kifaranga aliyebanwa katonini joto likizidi linamuua. Nilimwonea huruma, na huruma ile ikaniongezea hasira.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake nyuma ya depo, mikono magotini. Nilimwendea na katoni, nikaifungua mbele yake. Sikuwa na adabu, nakiri. "Haya, Papa. Kama huwezi kusema, basi kaa hapa uwatazame. Ukichoka kuwatazama hawa, nitakuletea wengine."

Aliingiza kidole chake ndani. Kifaranga mmoja akakidonoa, taratibu sana. Baba akasimama, akachukua kofia yake, akatembea mpaka kwenye lori na kupanda mbele. Hakusema tunakwenda wapi. Hakukuwa na haja, palikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda, kwa Kasonde. Tukapakia katoni zake haraka.

Njia nzima ya Kasungami hakufungua kinywa. Papa Kataliko aliendesha, mimi nikiwa katikati, baba dirishani. Tulipokuwa tunaruka mashimo, vifaranga nyuma walipiga kelele, tulipotulia wakatulia, na nilianza kuogopa kila walipotulia. Nikamwambia baba, "Ukifika, sema tu. Maneno machache." Nikamwambia, "Papa, nakuomba." Akafunga kioo cha dirisha, joto lote lile.

Kasonde alitusikia kutoka mbali. Alikuwa amesimama mbele ya uzio wake wa matofali, mwanaume mrefu mwenye buti za plastiki, na nyuma yake banda lilikuwa tayari kabisa. Maranda mapya yametandazwa chini. Vyombo vya maji vimeoshwa. Na mbabula zilikuwa zinawaka! Nilisikia joto lake kutoka getini. Alikuwa amewasha makaa bila sauti ya baba, kwa matumaini tu.

"Ba Kasonde, asante Mungu," nikasema. "Kumbe umejitayarisha. Tushushe."

"Jambo, Marceline. Hapana, musishushe."

"Kwa nini?"

"Nani hawa?" Alionyesha ubavu wa lori kwa kidevu.

"Ni sisi! Maison Mwila. Tumeungana na Papa Kataliko, ndiye huyu hapa. Jina ndilo limebadilika, lakini hakuna kinachobadilika."

Nilijisikia nikisema maneno yale yale ya ule ujumbe wa kipumbavu na nikataka kujipiga kofi.

Kasonde akacheka bila furaha. "Kama hakuna kitu kinabadilika, juu ya nini mulifuta jina? Marceline, miye si mutoto. Muntu akiniambia nyumba yake haijabadilika, na mulango naona si ule, miye naogopa zaidi. Aniambie tu mulango umebadilika."

"Lakini mimi unanijua!"

"Nakujua sana. Na Vieux alisema hata ikiwa weye, nikatae. Njo mafundisho yake. Sasa nimukosee?" Akainua macho na kutazama kioo cha lori. "Namuona. Iko ndani. Lakini hasemi kitu. Muntu kama Mwila, akikaa mu motokari ya bengine na hasemi kitu, miye nawaza nini? Nawaza bamemunyanganya."

"Hakuna aliyemnyang'anya!"

"Basi aseme."

Nilikwenda nikagonga kioo. Nikagonga tena. Nilikuwa nalia sasa, kwa hasira tupu, na sikujali nani ananiona. Nyuma yangu Papa Kataliko alikuwa amefungua turubai ili hewa iingie, na niliona mkono wake ukitoa kifaranga aliyekufa, ukamweka chini kwenye nyasi, ukarudi, ukatoa mwingine.

"Papa!" nikapiga kelele. "Wanakufa! Wanakufa kwa ajili ya jina lako!"

Kioo hakikushuka. Mlango ndio ulifunguka.

Baba alishuka polepole, mguu ukitafuta ardhi kwa sababu ya yale macho. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja mpaka alipo Kasonde, wakapeana mikono, wakaulizana habari za nyumba zao kama inavyotakiwa, za watoto, za mgongo wa mke wa Kasonde. Nilitaka kupasuka. Halafu Kasonde akatoa simu yake mfukoni, akaiinua juu kidogo na kusema kwa heshima kubwa, "Vieux, usinikasirikie. Bengine bote banangoja kusikia. Nitume sauti yako pa kundi?"

Baba akaiangalia ile simu muda mrefu. Nilielewa hapo alichokuwa anakiogopa. Si koo, si chaji. Kwa siku zote hizo alikuwa anaogopa kitu hiki hiki kidogo, kusema neno lenyewe huku watu wanaomheshimu wanasikiliza.

Akavua kofia.

"Bafugaji," akaanza. "Miye njo Mwila. Sauti ni yangu, hakuna muntu ananilazimisha. Maison Mwila haiko tena. Niliiunganisha na ya Kataliko, kwa mapenzi yangu, juu motokari yangu ilikufa na macho yangu haioni muzuri. Sasa tunaitwa KAMWI. Ile namba ya mupya ya kulipia si ya bamwizi, ni ya kampuni."

Akapumua. Kasonde hakushusha mkono.

"Balibaambia hakuna kitu kinabadilika. Ni bongo, si kweli. Kinabadilika. Jina linabadilika. Motokari ni ya Kataliko. Franga inaingia kwa kampuni, haiingii tena mu mufuko yangu. Na miye..."

Papa Kataliko alipiga hatua mbele, nadhani alitaka kumsaidia, alitaka kusema hapana, sisi wawili tuko sawasawa. Baba akamzuia kwa kiganja.

"Na miye si patron tena. Anayeamua ni Kataliko. Musikuje kwangu kuomba bei, sina bei. Miye niko muntu wa kuangalia vifaranga, basi."

Jogoo wa jirani aliwika.

"Kinabaki nini? Batoto ba kuku banatoka kule kule, kwa bantu bale bale. Commande yenye mulisha kufanya, vile muliagiza, iko, bei ni ile ile. Reçu ya Maison Mwila, ile karatasi ya malipo, leta, itakubaliwa. Bakikufa mu siku tatu za kwanza, tunakupa bengine, sawa zamani. Namba ya Marceline ni ile ile. Ile nilisema mumukatae binti yangu, nimeiondoa. Ukisikia Marceline, umenisikia miye. Sasa muende kuchukua. Batoto banateseka na jua."

Kasonde akabonyeza. Simu ikatoa mlio wake mdogo, sauti ikaondoka.

Haikuchukua muda. Simu yangu ilianza kulia mfukoni, ikalia, ikalia. Mama Clotilde. Halafu mtu wa pikipiki. Halafu wote. "Mama Marceline, tunakuja, muko depo?" Nilijibu ndiyo, ndiyo, tunarudi sasa hivi, mje na maji ya sukari ya kuwanywesha vifaranga. Nilipaswa kufurahi. Kwa siku zote zile nilikuwa nimelilia maneno yale, nikagonga mpaka kioo, na sasa yalikuwa yamesemwa, mazuri, kamili, kila kitu mahali pake. Mimi mwenyewe nisingeweza kuyapanga hivyo. Na nilitamani mtu ayarudishe.

"Tushushe," Kasonde akasema.

Alikimbia ndani ya nyumba, akarudi na kiti cha mbao chenye mto, akakiweka kivulini kama alivyofanya mara zote baba alipofika kwake. Maana baba hajawahi kubeba katoni. Tangu nimjue. Wafanyakazi wanabeba, mimi nabeba, wateja wanabeba, yeye anasimama na mikono nyuma anahesabu kwa macho. Patron habebi.

"Ikala, Vieux," Kasonde akamwambia.

Baba alikitazama kiti. Kisha akaiweka kofia yake juu ya uzio, akaenda nyuma ya lori ambako Papa Kataliko alikuwa anashusha, na akanyoosha mikono yote miwili. Papa Kataliko alisimama na katoni kifuani, hajui afanye nini. Alinitazama mimi. Kasonde naye alinitazama.

"Leta," baba akasema. "Njo kazi yangu."

Papa Kataliko akampa. Baba akaikumbatia ile katoni, akageuka, akaanza kutembea kuelekea bandani, akipapasa njia kwa miguu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemkataza.